Ujumbe Mmoja Wenye Sumu, Foleni Nzima Imesimama

Februari 2018, wenye simu za iPhone walikumbana na kioja. Herufi moja ya Kitelugu, lugha ya mamilioni ya watu kusini mwa India, ilikuwa ikiangusha karibu kila programu iliyojaribu kuichora kwenye kioo. Aliyetumiwa herufi hiyo aliona programu inafunga ghafla. Akiifungua tena, programu inasoma mazungumzo yaleyale, inaikuta herufi ileile, inaanguka tena. Kuzima na kuwasha hakukusaidia kitu, kwa sababu ubaya haukuwa ndani ya programu peke yake. Ulikuwa umehifadhiwa pale kwenye mazungumzo, unasubiri kusomwa. Apple ilitoa tiba tarehe 19 mwezi huohuo, katika toleo la iOS 11.2.6.

Kwenye simu, hasara ni ya mwenye simu. Ujumbe wa namna hiyo ukiingia kwenye seva inayohudumia watu elfu kumi, wote elfu kumi wanasubiri, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwa nini. Mafundi wa mifumo huuita ujumbe wenye sumu. Hauhitaji adui wa kuutunga. Mara nyingi umetumwa na mteja mwema aliyefanya jambo la kawaida kabisa.

Tuanze na foleni yenyewe. Unapopakia picha ya bidhaa kwenye duka la mtandaoni na kuona mara moja neno "Imepokelewa", kazi bado haijafanywa. Seva imeandika kijikaratasi cha kielektroniki, kwa mfano "punguza ukubwa wa picha namba 8841", ikakiweka kwenye foleni, ikakuachia uendelee na shughuli zako. Nyuma ya pazia kuna programu nyingine, ambayo hapa tutaiita kibarua. Kibarua anachukua ujumbe mmoja kutoka mbele ya foleni, anaifanya kazi, kisha anarudi kuchukua mwingine. Pembeni yupo msimamizi wa foleni, naye ni programu: anatunza jumbe na kuzigawa kwa vibarua walio tayari. RabbitMQ ni msimamizi mmoja anayetumika sana, na ndiye tutakayemfuata katika mfano wetu.

Kati ya msimamizi na kibarua kuna mapatano. Msimamizi akimkabidhi kibarua ujumbe, haufuti. Anauweka alama kwamba uko mkononi mwa mtu, anasubiri uthibitisho. Kibarua akimaliza kazi anatuma uthibitisho, na hapo ndipo ujumbe unafutwa. Kibarua akitoweka kabla ya kuthibitisha, kwa umeme kukatika au seva kuzimwa kwa matengenezo, msimamizi anaona mawasiliano yamevunjika, anaurudisha ujumbe kwenye foleni ili kibarua mwingine auchukue. Mapatano haya ni mazuri sana. Ndiyo yanayofanya picha yako isipotee hata jengo zima la seva likikosa umeme.

Lakini yamejengwa juu ya dhana moja: kwamba kibarua akifa, kilichomuua hakihusiani na ujumbe aliokuwa nao. Dhana hiyo ikiwa si kweli, wema wote unageuka. Fikiria dirisha la benki ambapo mteja wa kwanza ana karatasi ambayo kila karani anayeisoma anazimia. Karani anabebwa, anakuja mwingine, na kwa kuwa mteja yule hajahudumiwa, bado ndiye wa kwanza. Karani mpya anaisoma karatasi, naye chini. Walio nyuma yake wana shida ndogo tu za kuweka na kutoa pesa, lakini dirisha haliwafikii.

RabbitMQ hufanya hivyohivyo katika foleni zake za kawaida. Ujumbe ukirudishwa, hupelekwa pale ulipokuwa kama inawezekana, yaani mbele. Haupelekwi nyuma ya mstari.

Sasa tuchukue mfano kwa namba zake. Tuseme duka letu lina vibarua watatu walioandikwa kwa lugha ya Python, kila mmoja akiwa ndani ya kontena lenye ruhusa ya kutumia kumbukumbu ya megabaiti 512 na si zaidi. Picha za kawaida za simu zinapita bila tabu. Siku moja muuzaji wa viwanja anapakia ramani ya mtaa iliyoskaniwa, faili la PNG lenye megabaiti 3 tu. Ni ndogo kuliko picha nyingi za simu, kwa hiyo ukaguzi wa mlangoni, unaokataa faili lolote linalozidi megabaiti 10, unaipitisha.

Tatizo ni kwamba ukubwa wa faili si ukubwa wa picha. Ramani ina maeneo mapana ya rangi moja, na PNG hubana rangi moja hadi ikawa si kitu. Upana wake ni pikseli 13,000 na urefu wake vilevile 13,000. Zidisha, unapata pikseli milioni 169. Ili kuipunguza, kibarua lazima kwanza aikunjue yote kwenye kumbukumbu, na kila pikseli inachukua baiti 4. Hiyo ni megabaiti 676. Maktaba ya Pillow, ambayo waandishi wa Python huitumia sana kwa picha, ina kinga dhidi ya picha kubwa mno, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida inatoa onyo tu picha inapozidi pikseli milioni 89 hivi, na inakataa katakata inapozidi mara mbili ya hapo. Ramani yetu imeangukia katikati, kwenye onyo ambalo hakuna anayelisoma.

Kibarua wa kwanza anaanza kukunjua. Akivuka megabaiti 512, Linux inamuua papo hapo kwa ishara namba 9. Ujumbe unarudi mbele ya foleni. Kibarua wa pili anamaliza picha aliyokuwa nayo, anageuka kuchukua inayofuata, na inayofuata ni ramani. Halafu wa tatu. Katika sekunde chache vibarua wote watatu wamelala kwa ujumbe mmoja.

Kinachofuata kinaumiza zaidi, na hakionekani kwa haraka. Kontena hizi zinasimamiwa na Kubernetes, ambayo ikiona kontena limekufa inaliwasha upya. Likiendelea kufa, inaanza kulisubirisha: sekunde 10, kisha 20, 40, 80, 160, hadi inafika dakika 5 na kubaki hapo. Nia yake ni njema, isiichoshe mashine kwa kuwasha kitu kibovu kila mara. Lakini kwetu maana yake ni kwamba kila kibarua sasa anaamka mara moja kwa dakika 5, anaishi sekunde tatu, anachukua ramani, anakufa. Ikiwa zinaingia picha 40 kwa dakika, baada ya saa moja zipo karibu 2,400 nyuma ya ramani moja. Wauzaji wanapiga simu kuuliza picha zao ziko wapi. Tovuti yenyewe inafunguka vizuri kabisa, na kila anayepakia anaendelea kuambiwa "Imepokelewa".

Fundi atajuaje kuwa huu ni ujumbe wenye sumu na si wingi wa kazi tu? Kazi zikiwa nyingi, foleni inarefuka huku vibarua wakiendelea kumaliza jumbe, na mashine inaonyesha kushughulika. Hapa foleni inarefuka lakini idadi ya zinazokamilika inakaribia sifuri, na mashine imetulia. Alama ya pili ni namba anayoiacha kontena inapokufa. Ikisomeka 137, ni 128 kujumlisha 9: ameuawa kwa ishara namba 9, na kwa kawaida sababu ni kumbukumbu. Ikisomeka 139, ni 128 na 11: programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, jambo linalotokea sana kwenye maktaba za kusoma picha, video na PDF. Alama ya tatu, na hii ndiyo ushahidi usiopingika, ni daftari la matukio. Kibarua aliyeandikwa vizuri huandika "naanza 8841" kabla ya kuigusa kazi na "nimemaliza 8841" baada yake. Ukikuta "naanza 8841" mara kumi na nne bila "nimemaliza" hata moja, umempata. Asiyeandika mstari ule wa kwanza hatapata kitu, maana maiti haiandiki.

Wengi wakishampata, wanakimbilia tiba isiyofaa. Wanazungushia kazi maneno ya kudaka makosa, yale ambayo kwa Python ni `try` na `except`, wakiamini kuwa picha mbaya ikitokea wataidaka na kuiweka pembeni. Hilo linasaidia kwa sumu hafifu: ujumbe wenye tarehe iliyoandikwa vibaya, au wenye uga uliokosekana. Hapo programu inalalamika, unaidaka lalamiko, unaendelea. Lakini aliyeuawa kwa ishara namba 9 hapewi nafasi ya kudaka chochote. Hakuna mstari wa programu unaotekelezwa baada ya hapo. Kinga yoyote inayomtegemea kibarua awe hai ili ifanye kazi haikingi kifo cha kibarua.

Na hata kwa sumu hafifu kuna namna ya kuharibu. Nimeona programu ambazo zikidaka kosa zinaamuru ujumbe urudishwe foleni, `requeue=True`, kwa matumaini kwamba baadaye utafaulu. Tarehe iliyoandikwa vibaya haijirekebishi yenyewe. Ujumbe unarudi, unachukuliwa, unakosewa, unarudi, mara nyingi mno kwa kila sekunde, na sasa mashine inachemka kwa kazi isiyo na mazao.

Hesabu, kwa hiyo, lazima itunzwe na mtu mwingine. Anayejua kwamba ujumbe huu umetolewa mara ngapi bila kuthibitishwa ni msimamizi wa foleni, maana yeye hafi. Hapa foleni za kawaida za RabbitMQ zina upungufu: zinakumbuka tu kama ujumbe umewahi kutolewa kabla au la. Ndiyo au hapana. Hazijui kama ni mara ya pili au ya mia mbili. Mwaka 2019, katika toleo la 3.8, zilikuja foleni za aina nyingine, zinazohifadhi nakala kwenye seva kadhaa na kufanya maamuzi kwa wingi wa kura. Hizo zinahesabu. Unaziambia kikomo, na ujumbe ukikivuka unahamishiwa foleni ya kando. Kwa duka letu, tangazo la foleni linakuwa hivi:

```python
channel.queue_declare(queue="picha.kando", durable=True)

channel.queue_declare(
    queue="picha.kazi",
    durable=True,
    arguments={
        "x-queue-type": "quorum",
        "x-delivery-limit": 3,
        "x-dead-letter-exchange": "",
        "x-dead-letter-routing-key": "picha.kando",
    },
)
```

Mstari wa `x-delivery-limit` ndio kikomo. Miwili inayofuata inaeleza ujumbe uliozidi uende wapi. Na mstari wa juu kabisa, unaounda foleni ya kando yenyewe, usiusahau: ukitaja njia ya kwenda mahali pasipokuwepo, ujumbe unapotea kimyakimya. Tena aina ya foleni haibadilishwi baada ya kuundwa. Foleni ya zamani ukijaribu kuitangaza upya kwa aina nyingine, RabbitMQ inakataa. Unaunda mpya yenye jina jingine, unaelekeza jumbe mpya huko, unaiacha ile ya zamani ikauke.

Kwa nini 3 na si 20? Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2024, foleni hizi zinakuja na kikomo cha 20 hata usipoandika chochote. Ishirini inaonekana ni uvumilivu, lakini irudie ile saa ya Kubernetes. Kibarua mmoja anayesubirishwa hadi dakika 5 kati ya kifo na kifo atahitaji zaidi ya saa moja ili afe mara ishirini na ushee. Foleni itafunguka, ila adhuhuri imeshapita. Kwa kikomo cha 3, yote yanaisha ndani ya dakika moja na nusu. Na jihadhari na upande wa pili wa kikomo hicho cha 20: kama hukutaja foleni ya kando, ujumbe ukizidisha unafutwa. Aliyepandisha toleo bila kusoma maelezo anaweza kupoteza jumbe bila kujua kwamba amezipoteza.

Asiyeweza kubadili aina ya foleni anaweza kuhesabu mwenyewe, mradi hesabu ikae nje ya kibarua na iandikwe kabla ya kazi kuanza. Redis inatosha:

```python
n = r.incr("jaribio:" + kitambulisho)
r.expire("jaribio:" + kitambulisho, 86400)
if n > 3:
    weka_kando(ujumbe)
else:
    fanya_kazi(ujumbe)
```

Mpangilio wa mistari ndio siri yake. Ongeza hesabu kwanza, halafu ndipo uiguse picha. Ukiongeza baada ya kazi, marehemu hatafika kwenye mstari huo.

Mpaka hapo foleni inapita. Lakini aliyeishi na mfumo huu kwa muda atakueleza kwamba kwenye foleni ya kando kuna siku unakuta jumbe kumi, na tisa kati yake ni nzima kabisa. Zimefikaje huko?

Ili kuokoa muda wa kwenda na kurudi, kibarua hupewa jumbe kadhaa kwa mkupuo, tuseme kumi. Anaishika ya kwanza, nyingine tisa ziko mfukoni. Ya kwanza ikiwa ramani na akafa, msimamizi anaona jumbe kumi zilizotolewa bila uthibitisho. Hana njia ya kujua ipi imemuua. Anazirudisha zote, na zote zinaongezewa hesabu. Kwa kuwa zote ziko mbele, kibarua anayefuata anazichukua zilezile kumi, anakufa, na hivyo hivyo mpaka zote zinavuka kikomo pamoja. Picha tisa za wauzaji wasio na kosa zimehukumiwa kwa ujirani.

Tiba ni kupunguza mkupuo. Kwa kazi nzito, ambapo kila ujumbe unachukua sekunde nzima au zaidi, chukua mmoja mmoja: `channel.basic_qos(prefetch_count=1)`. Muda unaopotea kwenye safari ni mdogo mno ukilinganisha na kazi yenyewe. Kwa kazi nyepesi za maelfu kwa sekunde, mkupuo unahitajika kweli, na hapo inafaa foleni ya kando iwe na kibarua wake anayejaribu kila ujumbe peke yake, mara moja, kwenye kontena lililotengwa. Zilizo nzima zitapita. Iliyoua itajulikana.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi ya hiyo. Kikomo hakitofautishi ujumbe mbaya na siku mbaya. Tuseme hifadhidata imezimika kwa dakika kumi. Kila picha inayochukuliwa inashindikana, inarudi, inashindikana. Kwa kikomo cha 3, katika dakika hizo kumi foleni nzima inaweza kuhamia kando, maelfu ya jumbe nzuri, kwa kosa ambalo si lao. Kwa hiyo kibarua anatakiwa kuuliza swali kabla ya kurudisha ujumbe: aliyeshindwa ni huu au ni mimi? Hifadhidata haipatikani, basi ni mimi. Naacha kuchukua jumbe kabisa, nasubiri, najaribu tena hifadhidata yenyewe mpaka ipone. Picha imeharibika na haisomeki, basi ni huu. Uende kando mara moja, hakuna haja hata ya majaribio matatu. Kikomo cha msimamizi kinabaki kwa hali ya tatu tu, ile ambayo kibarua hakupata nafasi ya kuuliza lolote kwa sababu amekufa. Ukiipanga hivyo, idadi ndogo ya majaribio haikutishi tena.

Waundaji wa mifumo hawakubaliani juu ya nini kifanyike mtu asipochagua, na kutokubaliana kwao kunafundisha. Celery, mfumo wa foleni unaopendwa na waandishi wa Python, ukimwambia athibitishe baada ya kazi na mchakato ukauawa katikati, bado kwa kawaida anathibitisha. Anaona heri kazi moja ipotee kuliko kuzunguka bila mwisho. Upo mpangilio wa kubadili hilo, `task_reject_on_worker_lost`, na maelezo yake yenyewe yanaonya kwamba unaweza kukuletea mzunguko. Amazon SQS inahesabu mara ambazo ujumbe umechukuliwa na inakuachia uchague kikomo, ila usipochagua ujumbe unaendelea kurudi mpaka muda wake wa kuhifadhiwa uishe, ambao kwa kawaida ni siku 4. SQL Server ya Microsoft ilichukua njia kali kuliko zote kwenye foleni zake za Service Broker: kazi ikitenguliwa mara 5 mfululizo, inaifunga foleni yote mpaka mtu aje.

Nilipoisoma hiyo ya mwisho mara ya kwanza niliiona ni ukatili. Kufunga foleni ndilo janga tunalolikimbia. Lakini ina mantiki pale ambapo mpangilio wa jumbe ni sehemu ya maana yake. Katika leja ya akaunti, ujumbe wa "weka 10,000" ukienda kando na wa "toa 8,000" uliofuata ukaendelea, mteja anaambiwa hana salio wakati pesa alishaweka. Hapo afadhali kusimama. Njia ya kati, inayofaa kwa shughuli nyingi za fedha, ni kusimamisha akaunti ile moja tu: ujumbe wake ukienda kando, zote za akaunti hiyohiyo zinazofuata ziende kando nyuma yake kwa mpangilio uleule, na akaunti nyingine ziendelee. Picha za bidhaa hazina haja ya adabu hii. Kila moja inajitegemea.

Turudi kwa ramani yetu, ambayo sasa imelala kwenye `picha.kando` ikiwa na maelezo yaliyobandikwa na RabbitMQ: imetoka foleni gani, saa ngapi, na sababu yake, `delivery_limit`. Wengi huishia hapa, na foleni ya kando inageuka jalala. Kengele ya foleni hii isifuate kanuni za foleni nyingine. Kwenye foleni ya kazi, jumbe mia mbili huenda si kitu. Kwenye foleni ya kando, ujumbe mmoja tu unatosha kumtumia fundi taarifa, kwa sababu huo mmoja ni mteja ambaye aliambiwa "Imepokelewa" na hakuhudumiwa. Wanaotumia SQS waangalie na saa: katika foleni zake za kawaida, ujumbe ukihamia kando umri wake unahesabiwa tangu ulipotumwa mara ya kwanza. Ukiwa ulikaa siku 3 kwenye foleni ya kazi, na ya kando nayo inahifadhi siku 4, una siku moja tu ya kuuona kabla haujafutwa. Iwekee foleni ya kando siku 14, ambazo ndizo mwisho wake.

Fundi akiifungua ramani ataona pikseli 13,000 kwa 13,000, na tiba ya kudumu inajitokeza yenyewe. Faili la PNG huandika upana na urefu wake ndani ya baiti 24 za mwanzo, kabla ya picha yenyewe kuanza. Upana uko kwenye baiti ya 17 hadi ya 20, urefu kwenye ya 21 hadi ya 24. Kwa hiyo mlangoni, pale muuzaji anapopakia, seva inaweza kusoma baiti hizo chache, ikazidisha, na kumwambia mteja papo hapo kwamba picha yake ni kubwa mno na aipunguze. Hakuna haja ya kuikunjua ili kujua kwamba haikunjuki. Au, kama biashara inazihitaji ramani kubwa, zipelekwe kwenye foleni nyingine yenye kibarua mmoja mwenye gigabaiti 2. Vyovyote, marekebisho yaanze ndipo ujumbe urudishwe. Anayezirudisha jumbe za kando kwenye foleni ya kazi kabla ya kutibu kilichoziua anaanzisha upya msiba uleule, na akizirudisha zote kwa pamoja ni mbaya zaidi. Rudisha mmoja, mtazame ukipita, halafu wengine.

Kipo kirusi kimoja ambacho hesabu hii haikikamati: ujumbe usioua bali unaoganda, kama faili linalomzungusha msomaji wake bila mwisho. Kibarua yu hai, mawasiliano yapo, uthibitisho hauji. RabbitMQ kwa kawaida husubiri dakika 30 kabla ya kumkatia. Muda huo ni mrefu mno kwa kazi ya sekunde tatu, kwa hiyo kibarua ajiwekee saa yake mwenyewe na ajiue ikipita dakika moja. Akishajiua, kanuni za hapo juu zinamshughulikia kama marehemu mwingine yeyote.

Kama unasimamia foleni, jaribu hili wiki hii kwenye mazingira ya majaribio, si kwa wateja. Mfundishe kibarua wako ujumbe mmoja maalumu ambao akiupokea anajiua kwa ishara namba 9:

```python
os.kill(os.getpid(), signal.SIGKILL)
os._exit(137)
```

Utume, na nyuma yake tuma jumbe mia za kawaida. Kisha shika saa, uone jumbe mia zimekamilika baada ya dakika ngapi, ule mmoja umeishia wapi, na nani amepata taarifa.